"Samaki wa miaka milioni 66" ndiyo nini? Waandika vichwa vya habari acheni kutuchezea

MkongeMkavu (mleta uzi): Wakuu wa Tanga, kuna ukurasa umebandika: "SAMAKI WA MIAKA MILIONI 66 ANASWA TANGA, WAVUVI WATAHARUKI." Ukiisoma habari yenyewe, silikanti kanaswa usiku kwenye jarife la papa, kafika ufukweni ameshakufa, wavuvi wakampigia simu ofisa uvuvi. Basi! Nani kataharuki, na aya ipi?

Na huyo samaki hana miaka milioni 66. Umri huo ni wa visukuku vya mwisho vya jamii yake, ndiyo maana wataalamu waliamini imetoweka hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Namba imeporwa kwa mwenyewe, ikavishwa mzoga wa juzi. Halafu Tanga wananaswa tangu miaka ya 2000, na hifadhi yao ya bahari ipo tangu 2009.

PwezaWaRaskazone: Tatizo nafasi, mkuu. Kichwa kifupi lazima kipotoshe kidogo.

MkongeMkavu: Chao kina maneno 9. "Silikanti anaswa kwenye jarife la papa Tanga, afa" ni 8. Nafasi imeingiaje hapo?

PwezaWaRaskazone: Punguza tena basi: "Silikanti afia kwenye jarife Tanga." Matano.

BiMeza: Hapo umeongeza habari, kaka. Umeshasema alifia ndani ya wavu, na habari inasema tu alifika ufukweni amekufa. Huenda alifia ngalawani. Anza na kitenzi: nini kimetokea? Kisha nani na wapi. Ukimaliza, weka kidole juu ya kila neno la kichwa na utafute aya inayolibeba. "Wataharuki" halina aya, linatoka. "Milioni 66" lina aya, ila soma sentensi nzima uone namba inaeleza kitu gani. Wengi hunasa hapo, kwa sababu namba ipo kweli kwenye habari, kwa hiyo mhariri akipitia haraka anaiona sahihi.

Jahazi_Pangani: Samahani, huyo samaki analiwa?

BiMeza: Nyama yake ina mafuta yanayoendesha tumbo. Halafu analindwa. Turudi kwenye mada.

PwezaWaRaskazone: Wangeweka "adaiwa" si wangekuwa salama?

BiMeza: "Adaiwa" inafaa kama kuna mtu ndani ya habari anayedai. Hapa hakuna aliyedai samaki ana umri huo. Ukiliweka umemzulia shahidi.

Jahazi_Pangani: Lakini "silikanti" huku Pangani nani anamjua? Wataruka. Mimi ningeandika "Samaki aliyedhaniwa kutoweka anaswa Tanga." Kila neno lina aya yake.

MkongeMkavu: Lina aya, ila msomaji ataelewa kagunduliwa juzi. Weka "hadi 1938."

Jahazi_Pangani: Ukiweka mwaka huo, nani atafungua?

BiMeza: Hapo mimi niko katikati. "Samaki adimu silikanti" ingenitosha, japo "adimu" nayo nataka kuona aya yake.