Mashine mpya zimegoma kuwaka, na pesa ipo: msaada wakuu

Mzee_wa_Seva: Wakuu, salaam. Tuna mashine 10 za m5.large AWS, eneo la af-south-1, Cape Town, na mbili za t3.medium za majaribio. Jana usiku nilikuwa napandisha toleo jipya la programu. Utaratibu wetu ni kuwasha mashine 10 mpya kwanza, zikitulia ndipo za zamani zizimwe. Zikawaka 4, ya tano ikagoma na ujumbe wa `VcpuLimitExceeded`. Kadi ya malipo ni nzima. Kwa nini nne zikubaliwe na nyingine zikataliwe?

Kijana_Kodi: Kanda imejaa hiyo mkuu. Hamia kanda nyingine, au shuka hadi t3.micro.

BintiMitambo: Hapana mdogo wangu. Kanda ikijaa ujumbe ni `InsufficientInstanceCapacity`, yaani mwenye wingu mwenyewe kaishiwa. Hapa ni akaunti imefika kikomo chake. Zinahesabiwa vCPU za mashine zinazofanya kazi katika eneo zima, kwa hiyo kuhama kanda ni bure. Na t3.micro ina vCPU 2 kama m5.large, kinachopungua ni RAM na nguvu ya CPU, si hesabu ya vCPU. Mzee, endesha hii:

```
aws service-quotas get-service-quota \
  --service-code ec2 --quota-code L-1216C47A \
  --region af-south-1
```

Mzee_wa_Seva: Imeleta 32.

BintiMitambo: Mashine 12 mara 2 ni 24. Zinabaki 8, ndizo hizo mashine zako 4. Siku za kawaida huoni kitu. Saa ngumu ni ile toleo la zamani na jipya yapo hewani pamoja: 20 na 20 na 4, jumla 44. Mwisho wa mwezi mnafika mashine ngapi?

Mzee_wa_Seva: Zinajiongeza zenyewe hadi 14.

BintiMitambo: Basi ukipandisha toleo siku hiyo unahitaji 60. Omba 80, na usingoje wiki ya mwisho. Kwa leo, washa nne, zima nne za zamani, rudia.

Mpemba_Ughaibuni: Samahani kudandia uzi. Nina mashine sita nimezizima ila sijazifuta. Nazo zinakula kikomo?

BintiMitambo: Zikiwa zimelala, hapana. Siku ukiziwasha zote kwa mkupuo ndipo utashangaa.

Kijana_Kodi: Si bora akate nafasi mapema, ahifadhiwe mashine zake?

BintiMitambo: Nafasi iliyohifadhiwa inahesabiwa kwenye kikomo hata kama haitumiki, na unailipia.

Chuma_Chakavu: Mimi nilipewa kikomo kikubwa, siku ya kazi mashine za aina niliyotaka hazikuwepo. Bado namuunga mkono kijana kwenye kuhifadhi nafasi, tena kwa kanda ndogo.

Mzee_wa_Seva: Nimeomba 80. Inasoma `CASE_OPENED` tangu saa nne. Naendelea kwa nne nne.