Barua ya kumwomba mhariri muda zaidi: mafuriko yametuzuia kurudi ziwani (Kisumu)

Mwalimu wa Winam aliandika, Juni 2024:

Wanajukwaa, habari za jioni. Namsimamia mwanafunzi wa uzamili anayechunguza konokono wanaobeba vimelea vya kichocho kwenye ufuo wa ziwa, kuanzia Dunga hadi karibu na mdomo wa mto Nyando. Makala yetu ilirudi tarehe 4 Aprili ikiwa na uamuzi wa marekebisho makubwa, na tukapewa hadi tarehe 3 Julai. Mpitiaji wa kwanza hana neno zito. Wa pili anasema data yetu ni ya msimu mmoja tu, ule wa kiangazi cha mwaka 2023, kwa hiyo turudi kwenye nukta zilezile tukachote konokono mara ya pili.

Tulipanga kurudi mwishoni mwa Aprili. Nyinyi wenyewe mnajua mvua ya masika ya mwaka huu ilivyotutenda. Nyando ilivunja kingo, watu wa Kano wakahamia mashuleni, na ziwa likapanda hadi nukta zetu nyingi zikawa ndani kabisa ya maji. Mahali mwanafunzi aliposimama mwaka jana na buti za mpira, leo mtumbwi unapita. Kamati ya bichi ilitushauri tusiingie, na mimi sikuwa tayari kumtuma mtoto wa mtu huko.

Mimi ndiye mwandishi wa mawasiliano, kwa hiyo barua itatoka kwangu. Nimeandika rasimu ya kurasa mbili inayoeleza mafuriko, hali ya wakazi, na kwamba mwanafunzi hawezi kutetea tasnifu kabla makala haijakubaliwa. Mwishoni naomba "muda wa kutosha". Je, inatosha? Na mnadhani nikiomba miezi mitatu nitaonekana mzembe? Huyu kijana amefanya kazi kwa bidii mno na sitaki apoteze makala kwa sababu ya barua yangu.

Kijana wa Ahero alijibu:

Pole sana, Mwalimu. Mimi nakaa huku na maji yalifika dirishani. Ningekushauri uambatishe picha nyingi za mafuriko na viungo vya habari za magazeti, mhariri ajionee. Wazungu hawaamini bila ushahidi. Na hilo la tasnifu liache hapo juu kabisa, huruma husaidia.

Mama Tasnifu alijibu:

Mwalimu, kwa kawaida ofisi ya masomo ya uzamili ina fomu ya kuongeza muda. Idara inapitisha, halafu mwanafunzi analipa ada ya muhula wa ziada. Sisi tulimaliza jambo hilo kwa wiki tatu. Usisahau sahihi ya mkuu wa idara.

Mwalimu wa Winam alijibu:

Asante, Mama, ila hapa si chuo ninachokiomba muda, ni jarida. Chuoni bado tuko ndani ya muda.

Mhariri Mstaafu alijibu:

Mwalimu, nimekaa upande wa pili wa barua hizi kwa miaka mingi, basi niruhusu nijibu kwa kirefu.

Kwanza, mhariri hasomi kurasa mbili. Anataka kujua vitu vichache ili abadilishe tarehe kwenye mfumo na aendelee na kazi nyingine: namba ya mswada, tarehe ya sasa, tarehe unayoomba, kilichokwama, na kilichokwisha kufanyika. Hicho cha mwisho ndicho watu husahau, nacho ndicho humtuliza zaidi. Barua inayosema tu "tulipatwa na mafuriko" humwacha akijiuliza kama mna nia ya kurudi au mmeitupa makala. Ukimwambia kwamba hoja zote za mpitiaji wa kwanza zimejibiwa na takwimu zimepigwa upya, anaona kazi inaendelea na imebaki sehemu moja.

Pili, "muda wa kutosha" si tarehe. Akikuongezea siku 30 kwa sababu hukutaja, utafanya nini? Utarudi tena kuomba, na ombi la pili ni gumu kuliko la kwanza. Miezi mitatu si uzembe endapo kila wiki ina sababu. Hesabu ukianzia ziwani, si ukianzia tarehe unayotamani. Lini mnaweza kuingia majini? Baada ya hapo maabara inahitaji muda gani?

Picha usiambatishe. Hakuna anayekutuhumu uongo, na faili nzito hukwama kwenye mfumo. Sentensi moja yenye tarehe na mahali inatosha. Suala la mwanafunzi kutetea tasnifu litoe. Linaumiza, najua, lakini mhariri hana mamlaka juu ya kalenda ya chuo chako, na anayeharakisha uamuzi kwa huruma anaharibu jarida.

Na kabla ya yote, isome tena barua ya uamuzi, ile ya mhariri mwenyewe, si maoni ya wapitiaji. Je, mhariri ameandika kwamba duru ya pili ya kuchota konokono ni lazima, au amesema tu mjibu hoja za wapitiaji?

Bint Kakamega alijibu:

Mimi nilikwama mahali pengine kabisa. Nilipewa muda na mhariri bila shida, lakini nilipotaka kurudi vijijini kibali changu cha utafiti kutoka NACOSTI kilikuwa kimeisha, maana hudumu mwaka mmoja, na idhini ya kamati ya maadili nayo ilikuwa imepita. Niliongezewa miezi miwili na nikaimaliza yote nikisubiri karatasi. Mwalimu, kama data ya kwanza ni ya mwanzo wa 2023, angalia tarehe za vibali vyenu leo hii kabla hujamwahidi mtu chochote.

Mwalimu wa Winam alijibu:

Bint, umenisaidia kuliko unavyodhani. Cha NACOSTI tulikihuisha Machi, cha maadili kinaisha Agosti. Naomba kihuishwe kesho.

Mhariri Mstaafu, nimerudi kusoma barua ya uamuzi. Mhariri wa jarida ameandika kwamba tujibu hoja zote "kwa data mpya au kwa kupunguza madai ya makala". Sikuwa nimelitilia uzito hilo neno "au".

Mhariri Mstaafu alijibu:

Hapo ndipo penye mlango wako. Maana yake una njia mbili halali, na barua izitaje zote: unaomba muda kwa ajili ya data, na kama jarida haliwezi kusubiri, mko tayari kulibana dai lenu liwe la msimu mmoja, hadi kwenye kichwa cha makala. Mhariri akiona hivyo haoni tena uamuzi wa kukubali au kukataa tu. Lakini uliza pia kama makala yenu iko kwenye toleo maalumu. Toleo maalumu lina tarehe ya kufunga ambayo hata mhariri mwenyewe hawezi kuisogeza.

Mkulima Msomi alijibu:

Mbona mnajisumbua? Acha tarehe ipite, halafu tuma upya ukiwa tayari. Nimewahi kufanya hivyo na ilipokelewa.

Mhariri Mstaafu alijibu:

Inawezekana, majarida mengi hupokea. Lakini inaingia kama mswada mpya, na namba mpya na tarehe mpya ya kupokelewa, na mara nyingi wapitiaji wapya ambao hawajui kwamba yule wa kwanza aliridhika. Pia kwenye mifumo mingi tarehe ikishapita kile kiungo cha kuwasilisha marekebisho hufungwa. Ombi litumwe angalau wiki mbili kabla, kupitia mfumo na pia kwa barua pepe ya ofisi ya jarida, kwa sababu mhariri anayeshughulikia makala yako anaweza kuwa likizoni.

Fundi wa Maabara alijibu:

Naomba niingie kwenye konokono, maana tarehe yenu itatoka huko. Konokono aliyeambukizwa hatoi vimelea siku hiyo. Huchukua takriban wiki nne hadi tano. Kwa hiyo mkiwachota na kuwaweka kwenye vikombe chini ya mwanga, wale wasiotoa kitu mnawahifadhi na kuwajaribu tena baada ya wiki tano, la sivyo mtahesabu pungufu. Muda huo haupungui hata mhariri akitaka.

Jambo la pili, mwalimu, mto Nyando utashuka ndani ya wiki chache mvua ikikatika, lakini ziwa halishuki hivyo. Linaweza kubaki juu miezi mingi. Ukimwahidi mhariri kwamba mtarudi kwenye nukta zilezile maji yakishuka, umeahidi kitu ambacho hakimo mikononi mwako. Ningesogeza kila nukta hadi kwenye ukingo mpya wa maji, palepale usawa wake, penye mafunjo kama yale ya zamani, na nimwambie mhariri mapema.

Mwalimu wa Winam alijibu:

Wapendwa, nimeandika upya. Ya kutumwa itakuwa kwa Kiingereza, lakini mambo ni haya:

"Mheshimiwa Mhariri,

Naandika kuhusu mswada namba [...], ambao marekebisho yake yanatakiwa tarehe 3 Julai 2024. Naomba tarehe hiyo isogezwe hadi 30 Septemba 2024.

Hoja zote za mpitiaji wa kwanza zimejibiwa, na uchanganuzi alioutaka mpitiaji wa pili kwenye data iliyopo umekamilika. Kilichobaki ni duru ya pili ya ukusanyaji konokono. Tuliipanga mwishoni mwa Aprili, lakini mafuriko ya masika yalifunika nukta zetu na haikuwa salama kuingia.

Tutakusanya kati ya 15 na 26 Julai. Konokono wasiotoa vimelea watajaribiwa tena baada ya wiki tano, yaani hadi 30 Agosti. Septemba ni ya uchanganuzi na uandishi. Kwa kuwa ziwa bado liko juu, nukta zitasogezwa hadi ukingo wa sasa wa maji, na makala itaeleza badiliko hilo.

Ikiwa jarida haliwezi kusubiri, tuko tayari kuwasilisha kufikia 3 Julai tukiwa tumeyawekea madai mipaka ya msimu mmoja. Tungeshukuru kujua ni ipi unayoipendelea."

Mhariri Mstaafu alijibu:

Hii naikubali. Mnakili mwanafunzi, yeye ni mwandishi wa kwanza. Na rasimu ile ya kubana madai ianzeni sasa, kabla ya jibu. Jibu likichelewa hadi tarehe 1 Julai hamtakuwa na muda.

Kijana wa Ahero alijibu:

Mimi bado nina wasiwasi na kusogeza nukta. Mpitiaji alisema "nukta zilezile". Huko maji yalipofika juzi palikuwa shamba la mpunga. Konokono wa hapo na wale wa mafunjo ya zamani ni kitu kimoja kweli?

Fundi wa Maabara alijibu:

Swali zuri, na sina jibu moja. Mashamba yaliyofurika yaacheni, chukueni tu pale mafunjo yalipo bado. Huenda mkabaki na nukta chache kuliko mwaka jana. Hata hivyo mpitiaji anaweza kusema huo ni utafiti mwingine.

Mwalimu wa Winam alijibu:

Nimetuma leo asubuhi, kwa mfumo na kwa barua pepe. Limekuja jibu la mashine tu. Jumamosi mimi na mwanafunzi tunapanda mtumbwi na mtu wa kamati ya bichi tuhesabu ni nukta ngapi bado zina mafunjo. Zikipungua chini ya nusu nitamwandikia mhariri tena kabla ya Julai.