Mrejesho: waya wa 2.5 na breka ya C20

Swali langu lilikuwa: "Wakuu, nimenunua roli la waya wa 2.5 na breka ya C20 hapa Ngamiani, Tanga. Kwa picha hizi, ni feki?"

Wakuu, waya ni feki. Maandishi yanasomeka vizuri pichani, lakini nilipoyasugua kwa kitambaa chenye spiriti yakafutika. Hilo peke yake lisingenitosha. Fundi akamenya ganda na kupima kwa kalipa: nyuzi saba, kila mmoja milimita 0.5, wakati unapaswa kuwa kama 0.67. Ukijumlisha unapata milimita za mraba 1.4 tu, badala ya 2.5. Ganda limenenepeshwa, ndiyo maana kwa nje unene ulitudanganya sote. Akaukwangua uzi kwa kisu, ndani mweupe: alumini iliyopakwa shaba! Waya huo ungeungua polepole na breka ya ampea 20 isijue kitu.

Breka yenyewe ina ile 6000 kwenye kiboksi kilichochapwa usoni, yaani ampea za shoti inazoweza kukata, na lebo imenyooka. Ila skrubu ya kubania waya ilizunguka bure kabla haijakaza. Nimevirudisha vyote dukani. Pesa nimepata, baada ya maneno mengi.