Tupeane uzoefu: kuchagua ufadhili wa masomo kwa kuangalia kazi unayoitaka miaka kumi ijayo

Kisima:
Wakuu, habari za jioni. Orodha za "fursa 50 zilizo wazi" zimejaa kila grupu la WhatsApp, sizitaki hapa. Nataka wanaoujua ufadhili kwa ndani waeleze mtu anachaguaje mmoja kwa sababu unampeleka anakotaka, siyo kwa sababu tangazo limepita mbele ya macho yake.

Tusiongee hewani, tuchukue mfano. Mhandisi wa mamlaka ya maji ya mji wa mkoani, Tanzania. Digrii ya uhandisi ujenzi, Novemba 2021, GPA 3.8. Ameajiriwa tangu Julai 2022. Kazi yake ni upotevu wa maji: mabomba yanayovuja, mita zisizosoma, maunganisho ya wizi. Baadaye anataka kuwa mtu wa bei za maji na usimamizi wa huduma, iwe kwenye mamlaka kubwa au kwa mdhibiti, EWURA. Leo ni mwanzo wa 2026. Aanzie wapi?

Jabali:
Chevening ya Uingereza tu, msijichoshe. Mwaka mmoja umerudi na masta yako. Miaka miwili ya kazi anayo. Hizo za Ujerumani lazima ujue Kijerumani, utapoteza muda.

Mpanga Karatasi:
Jabali, kwenye Chevening uko sawa kwa kiasi: ni masta ya mwaka mmoja na wanataka angalau miaka miwili ya kazi, wao wanaihesabu kama saa 2,800. Kijana anazo. Mafunzo kwa vitendo yaliyokuwa sehemu ya lazima ya digrii hayahesabiwi, lakini yeye hayahitaji. Kwenye Kijerumani umepotoka. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, lina mpango unaoitwa EPOS, wa kozi za maendeleo, na nyingi zinafundishwa kwa Kiingereza. Kijerumani unafundishwa kabla ya kozi kuanza, na DAAD ndiyo inayolipa.

Ila kabla ya kubishana nchi, tuangalie tarehe, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. EPOS wanataka miaka miwili ya kazi baada ya digrii, na digrii yenyewe isizidi miaka sita siku ya kuomba. Kwa hiyo kuna dirisha linalofunguka na kufunga. Kwa kijana wetu lilifunguka Julai 2024. Litafunga Novemba 2027. Kozi nyingi za EPOS zinapokea maombi nusu ya pili ya mwaka, kwa masomo ya mwaka unaofuata. Amebakiwa na raundi mbili: ya 2026, na ya 2027 kama kozi anayoitaka inafunga kabla ya Novemba. Chevening haiangalii umri wa digrii. Anaweza kuomba 2026, anaweza kuomba 2031.

Mpangilio wake ukijulikana, uamuzi unakuwa mwepesi. Unaanza na ule wenye mwisho. Ule usio na mwisho unabaki wa akiba.

Jabali:
Sawa, hilo la miaka sita sikulijua. Lakini si atachukua EPOS halafu baadaye Chevening juu yake?

Mpanga Karatasi:
Inaruhusiwa, wanapokea hata mwenye masta, lakini itabidi awaeleze kwa nini anahitaji masta ya pili, na maelezo hayo si mepesi. Kinachokatazwa ni kuchukua Chevening baada ya kuwahi kusomeshwa kwa fedha za serikali ya Uingereza. Kwa hiyo aliyesomea masta kwa ufadhili wa Commonwealth wa Uingereza asiipigie hesabu Chevening baadaye.

Mama Form Six:
Samahani wakuu, mwanangu amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM, ana division one. Hiyo Chevening fomu yake inapatikana wapi?

Kisima:
Mama, hongera sana kwa kijana. Chevening ni ya mwenye digrii tayari. Kwa aliyetoka kidato cha sita na sayansi, ulizia Samia Scholarship, hiyo ni ya waliofaulu vizuri masomo ya sayansi na wanaingia chuo humu nchini. Hapa tunaongelea masta.

Mama Form Six:
Ahsante mwanangu. Nitaendelea kusoma tu kimya kimya.

Afisa Masjala:
Mimi naleta upande wa utumishi, kwa sababu wengi wanarudi na vyeti vizuri vinavyokaa kwenye faili bila kufanya kazi. Kabla hajachagua kozi, aingie portal.ajira.go.tz, achukue matangazo matano ya nafasi anayoilenga, na asome ile sehemu ya sifa neno kwa neno. Tangazo linataja fani kwa jina, halafu linaongeza "au fani nyingine zinazolingana na hizo". Wanaochuja maombi wanaanza na majina yaliyotajwa. Masta yenye jina la kupendeza lakini lisiloeleweka, mfano "mabadiliko na ustahimilivu", inaweza kuwa na masomo yote yanayotakiwa na bado ikawekwa pembeni.

Kijana huyu anatoka uhandisi kwenda kwenye bei na udhibiti. Akisoma masta ya kiufundi tupu, atarudi mhandisi bora wa mabomba, na akitaka kuhama atalazimika kuomba kubadilishiwa kada bila cheti kinachomsaidia. Akisoma uchumi mtupu, anaacha kile kinachomtofautisha na wachumi wengine. Atafute kozi ya maji ambayo ndani yake kuna somo la uchumi wa maji au fedha za huduma, na aombe orodha ya masomo, asiishie kwenye jina.

La pili: mwajiri wa umma. Jina lake liingie kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi mapema, siyo wiki ya viza. Wapo wanaopata ufadhili Juni na kunyimwa ruhusa Agosti, kwa sababu fungu la mwaka lilishapangwa na hakuna wa kukaimu. Na akirudi na cheti cha nje, akipeleke TCU kitambuliwe kabla hajakitumia kuomba cheo.

Nesi wa Kaunti:
Niko Kenya, hospitali ya kaunti. Nina watoto wawili wadogo, kuondoka hata mwaka mmoja siwezi. Kwa hivyo hii mambo yote ni ya watu hawana familia?

Mpanga Karatasi:
La, dada. Commonwealth wana ufadhili wa masta kwa masafa: unasoma na chuo cha Uingereza ukiwa kazini kwako, wanalipa ada. Kenya imo, Tanzania na Uganda zimo. Mshahara wako unaendelea na huhitaji likizo ya masomo. Kasoro yake ni kwamba hutakaa na watu wa fani yako uso kwa uso, na kwa kazi zinazotegemea maabara haufai sana. Kwa afya ya jamii au uongozi wa huduma za afya unatosha.

Mtu wa Bukavu:
Sisi wa Kongo Commonwealth hatumo, na Warundi vilevile. Kwetu njia ni Ubelgiji: VLIR-UOS kwa kozi za Kiingereza, ARES kwa za Kifaransa. Nao wanaangalia uzoefu wa kazi, na kama kozi inahusiana na kazi unayofanya.

Kisima:
Turudi kwa mhandisi. GPA 3.8 inamtosha Ujerumani? Nasikia wanabadilisha maksi.

Mpanga Karatasi:
Wanabadilisha. Vyuo vingi vinatumia hesabu hii:

```
N = 1 + 3 × (Pmax − P) / (Pmax − Pmin)
```

P ni GPA yako, Pmax ndiyo ya juu kabisa, Pmin ndiyo ya chini ya kufaulu. Kwetu ni 5.0 na 2.0. Kwa 3.8 inakuwa 1 + 3 × 1.2 / 3, yaani 2.2. Kwao namba ndogo ndiyo nzuri, na kozi nyingi zinataka 2.5 au chini ya hapo. Kwa mizani ya 5 na 2 hesabu inafupika: toa GPA yako kwenye 6. Mwenye 3.5 anapata 2.5 kamili, yuko ukingoni. Ukikosea Pmin ukaweka 0, utapata 1.7 na kujidanganya. Aambatanishe ule ukurasa wa transkripti unaoeleza mizani ya maksi, maana ukikosekana wanakisia wenyewe.

Sasa maombi yenyewe. EPOS hupeleki DAAD, unapeleka chuoni moja kwa moja, na unaweza kuomba kozi zisizozidi tatu kwa mwaka. Kwa maji kuna WAREM ya Stuttgart na WATENV ya Hannover, aanze kulinganisha masomo yao. Wasifu na barua ya nia vinatiwa sahihi na tarehe. Barua ya mwajiri ndiyo inayoangusha wengi: inaandikwa "ni mtumishi mwaminifu na mchapakazi" bila tarehe ya kuajiriwa, bila kusema ni kazi ya muda wote, bila mhuri. Msomaji wa huko anatafuta miaka miwili, haioni, anafunga faili.

Afisa Masjala:
Na barua ya nia isianze na "tangu utotoni". Wala "nitarudi kulitumikia taifa langu". Linganisha na hii, namba ni za mfano tu: "Kati ya lita 100 zinazotoka kwenye matangi yetu, 40 hazifiki kwenye ankara. Tunajua kuziba bomba, hatujui kukokotoa ni bomba lipi likizibwa kwanza litarudisha gharama. Somo la uchumi wa maji la muhula wa pili ndilo linalofundisha hilo. Nikirudi, kitengo changu ndicho kinachoandaa takwimu za maombi ya bei." Hapo msomaji anaona kazi, pengo, kozi na mahali pa kurudi.

Jabali:
Mbona hamuisemi Erasmus Mundus? Euro 1,400 kwa mwezi, haidai uzoefu wa kazi, haikulazimishi kurudi. Chevening inakudai urudi nyumbani miaka miwili. Mimi naona isiyo na masharti ndiyo bora.

Mpanga Karatasi:
Ni bora kwa nani? Anayetaka utafiti na shahada ya uzamivu Ulaya, Erasmus Mundus inamfaa kweli. GroundwatCH, kwa mfano, inampitisha Lisbon, Delft na Dresden, na anatoka na tasnifu. Lakini kijana wetu ameajiriwa na anataka kupanda humu humu. Sharti la kurudi halimpotezei kitu, alishapanga kurudi. Tena kwake linasaidia, kwa sababu mwajiri anatoa ruhusa kwa urahisi zaidi akiona mkataba wa mfadhili unamrudisha.

Jabali:
Hapo bado hatujakubaliana. Miaka kumi ni mingi, mtu anabadilika mawazo. Masta ya miaka miwili yenye tasnifu inaacha njia ya uzamivu wazi, ya mwaka mmoja Uingereza inaibana.

Mpanga Karatasi:
Hoja hiyo naikubali nusu. Ndiyo maana nilisema EPOS kwanza: kozi hizo za maji zina tasnifu.

Kisima:
Tuseme anaomba raundi ya 2026. Afanye nini mwezi huu?

Afisa Masjala:
Aandike barua kwa mkuu wa idara aingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka wa fedha unaoanza Julai. Bajeti za taasisi zinafungwa kabla ya hapo.

Mpanga Karatasi:
Na aulize chuo alichosoma kama kinatoa barua ya kuthibitisha alifundishwa kwa Kiingereza. Baadhi ya kozi zinaipokea, nyingine zinataka IELTS, na matokeo yake yanadumu miaka miwili tu, hivyo asikimbilie kufanya mtihani kabla hajajua kozi zake tatu zinataka nini.