Manukuu yanaweza kumtoa mwanafunzi mashindanoni?

Mratibu wa mashindano, Kampala: Shule zinatutumia sauti za midahalo ya Kiswahili, nasi tunazinukuu kwa programu kisha majaji wanasoma manukuu. Jaji mmoja anataka tumwondoe msichana wa kidato cha tatu kwa sababu hotuba yake "imeandikwa na akili mnemba, ameisoma tu". Je, manukuu yanatosha kumwondoa mtoto?

Mwalimu, Jinja: Yanatosha kabisa. Mtu anayezungumza hujikwaa, hurudia, hutia "eeh" na "yaani". Ukiona kurasa mbili hazina hata "eeh" moja, kila hoja ina vipengele vitatu na kila aya inaanza na "aidha" au "vilevile", hiyo ni kazi ya mashine. Mimi nafundisha kidato cha tatu, watoto wangu hawasemi hivyo.

Mnukuu wa mahojiano, Kampala: Mwalimu, kwa kujikwaa uko sawa, lakini uliza kwanza hizo "eeh" zimepotelea wapi. Ninanukuu mahojiano kila siku. Programu kama Whisper huzitupa "eeh" na maneno yaliyorudiwa, kwa kuwa ilifunzwa kwa maandishi mengi ambayo tayari yalikuwa yamesafishwa. Mtoto anasema "hawa hawa eeh hawa madereva", karatasi inatoka na "hawa madereva". Ukisoma karatasi hiyo utaapa kwamba alikuwa anasoma. Kabla ya kumhukumu mtu, chukueni dakika mbili za sauti mnukuu kwa mkono, kila kigugumizi na kila kimya. Mratibu, sauti ya huyo msichana ipo? Na kuna sehemu aliyomjibu mpinzani?

Mratibu: Zipo zote mbili. Mada ilikuwa kuziondoa bodaboda katikati ya Kampala. Nimenukuu kwa mkono usiku huu, na kwenye mabano nimeandika sekunde za kimya. Hotuba ya kufungua:

"Bodaboda zimekuwa nguzo ya usafiri mijini (0.7) lakini ongezeko lake limeleta changamoto za usalama (0.8) msongamano (0.4) na uchafuzi wa hewa (0.9) hivyo panahitajika ushirikiano ushirikishwaji wa wadau wote"

Na hapa anamjibu mpinzani:

"Mwenzangu amesema eti bodaboda ni ni (1.1) yaani zile ajali (0.6) hizo ajali anazosema si za bodaboda peke yake kuna yule dereva wale madereva wa teksi pale eeh (0.9) pale Old Taxi Park wanapakia katikati ya barabara"

Mnukuu: Asante, sasa tuna kitu cha kushika. Tazama kwanza vimya. Kwenye hotuba kila kimya kimekaa mahali ambapo ungeweka mkato au nukta. Kwenye jibu vimekaa katikati ya wazo, "ni ni (1.1)", "pale eeh (0.9) pale". Hapo anatafuta neno huku anasema. Msomaji hatafuti neno, maana liko mbele yake.

Halafu tazama anavyojisahihisha, kwa sababu hapo ndipo penye ushahidi mzito kuliko "eeh" zote. "Yule dereva wale madereva": ameanza na mtu mmoja, wazo likageuka kuwa watu wengi, akarudi kurekebisha upatanisho. Kiswahili kinatusaidia sana hapo, kwani ngeli inamlazimu msemaji atangaze kabla ya wakati anakoelekea, na akibadilisha nia tunamsikia. Sasa linganisha na "ushirikiano ushirikishwaji". Maana ya sentensi haikubadilika. Jicho limeona "ushiriki", mdomo ukamalizia kwa neno ulilolizoea, kisha akarudi kwenye lile lililoandikwa. Hilo ni kosa la kusoma. Kwa hiyo mimi nasema hotuba ameisoma, na jibu ni lake la papo hapo.

Mwalimu, Jinja: Basi umenikubalia. Amesoma, aondoke.

Mnukuu: Nimesema amesoma. Sijasema nani aliandika. Hayo ni maswali mawili, na manukuu yanajibu la kwanza tu. Karatasi iliyoandikwa na mama yake, na mwalimu wake, au na mashine, ikisomwa kwa sauti italeta vimya vilevile.

Mzazi, Bombo: Jamani, mimi naona mnawaonea watoto. Mwanangu hakutumia simu yoyote. Aliandika kwenye daftari, akakariri wiki mbili, nami ndiye niliyekuwa namsikiliza jioni. Kwenye shindano fulani aliambiwa "hii si sauti yako". Sisi Wanubi Kiswahili tunakisikia nyumbani, lakini wenzake wengi wamekikuta darasani. Mnataka waseme vipi?

Mnukuu: Mama, hapa hatujamshtaki wa kwako, ila umegusa jambo nililoliacha. Aliyekariri naye hupumzika penye viungo vya sentensi, kama msomaji. Tofauti hutokea akisahau: atanyamaza sekunde mbili au tatu, kisha ataanza sentensi upya kwa maneno yaleyale tangu mwanzo. Msomaji hurudi neno moja tu. Lakini kama hakusahau hata mara moja, mimi kwa manukuu sitawatenganisha.

Mwalimu, Jinja: Kwa nani aliandika, kuna vigunduzi mtandaoni. Unabandika maandishi, unapewa asilimia.

Mnukuu: Mwalimu, hapo nakuomba usiende. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kigunduzi chao Januari 2023 wakakiondoa Julai mwaka huohuo, wakisema usahihi wake ni mdogo. Na kilikuwa kinafanya kazi vizuri zaidi kwa Kiingereza. Vigunduzi vingi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na mtu anayeandika lugha ya kujifunza hutumia maneno ya kutabirika. "Aidha" na "vilevile" ulizozitaja umewafundisha mwenyewe kwenye insha. Mtoto wa Uganda aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu ndiye atakayenaswa kwanza.

Mtangazaji wa redio, Arua: Nimesoma habari kwa miaka, na ninatofautiana na mnukuu kidogo. Msomaji mzoefu anaweza kuvunja sentensi katikati makusudi ili isikike kama mazungumzo. Mimi huandika "sasa" na "yaani" kwenye skripti yangu. Na chatboti ukiiambia itie "eeh", inatia.

Mnukuu: Kweli, na sina dawa kamili ya hilo. Nilichoona ni kwamba "eeh" za kutungwa hukaa mwanzoni mwa sentensi, nadra katikati ya fungu la maneno, na hazifuatiwi na marekebisho kama ya "yule dereva wale". Lakini mtu akilijua hilo, naye ataliandika. Ndiyo maana nilitaka sehemu ya majibu: skripti iliyoandikwa jana haiwezi kujibu alichosema mpinzani dakika mbili zilizopita.

Mwalimu, Jinja: Na kama ana simu chini ya dawati wakati wa kujibu?

Mnukuu: Basi utaona kimya kirefu kabla ya jibu, kisha vimya vyote penye mkato. Isipokuwa mtoto mwenye woga naye hunyamaza kabla ya kuanza.

Mratibu: Huyu msichana habaki nje. Kanuni zetu hazikatazi kusoma, na jibu lake ni lake. Nitawaomba majaji wasikilize sauti yenyewe, na alama nyingi ziende kwenye majibu.

Mzazi, Bombo: Na aliyeogopa kujibu lakini hotuba yake aliiandika mwenyewe, alama zake mtazipata wapi?

Mratibu: Mama, hilo sijalipatia jibu. Jumamosi tunakaa na majaji, nitaliweka la kwanza.