CdSe, InP au perovskaiti: ipi inaonyesha vizuri rangi ikibadilika na ukubwa?

Mnururisho: Wakuu, naagiza chupa nne za nukta za kwanta, zile fuwele ndogo mno zinazong'aa, wiki hii. Nimebaki na CdSe ya kadmiamu na seleniamu, InP ya indiamu na fosforasi, na perovskaiti. Ipi bora? Naomba majibu ya haraka.

Bi Fuwele: Bora kwa kazi gani, ndugu yangu? Hujasema unamwonyesha nani, una taa gani, wala kama una spektrometa.

Mnururisho: Samahani dada. Ni kwa wanafunzi wangu wa fizikia. Nataka waone kitu kilekile kikitoa rangi tofauti kwa sababu ya ukubwa tu. Taa ni ya nm 405, na spektrometa ndogo ipo.

Taa Kali: Perovskaiti, usiwaze mara mbili. Kijani cha CsPbBr3, ile perovskaiti ya bromini, hakina mpinzani.

Bi Fuwele: Kwa mng'ao nakubali, ila kwa somo hili itawapotosha. Fuwele zake nyingi zina upana wa nm 10 hivi, na elektroni na tundu lake, yaani nafasi iliyoachwa na elektroni, hutosheka na nm 7. Hazijabanwa sana, kwa hiyo rangi nyingine hupatikana kwa kubadilisha bromini na iodini. Changanya chupa ya kijani na nyekundu uone: ioni zinahamiana na unabaki na rangi moja ya katikati. Hapo wanafunzi wataona kemia, siyo ukubwa.

Kwenye CdSe, elektroni na tundu lake wakiwa huru huchukua kama nm 11. Ukiwatia kwenye fuwele ya nm 4 wanabanwa kwelikweli. Elektroni ni wimbi, na lazima litulie ukutani. Kuta zikisogeleana wimbi linafupika, na wimbi fupi lina nishati zaidi. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, nishati ya kubanwa inazidi mara nne.

Mnururisho: Nimepiga hesabu. Pengo la nishati la CdSe ya bonge, isiyobanwa, ni eV 1.74. Kwa kipenyo cha nm 6 naongeza 0.41 ya kubanwa, natoa 0.09 ya kuvutana kwa elektroni na tundu: 2.06, yaani nm 602. Kwa nm 4 ni 1.74 + 0.93 − 0.13 = 2.54, yaani nm 488, buluu-kijani. Lakini muuzaji anasema ya nm 4 hutoa mwanga karibu na 590! Ananidanganya?

Bi Fuwele: Hajakudanganya. Hesabu yako inadhani ukuta hauvukiki kabisa. Wimbi halisi huchungulia nje kidogo, kwa hiyo linabanwa pungufu ya ulivyokadiria. Na kosa hukua fuwele inavyokuwa ndogo: kwenye nm 6 ya kweli ni karibu 630, haijaachana mbali na yako. Waonyeshe wanafunzi tofauti hiyo pia.

Mzee wa Maabara: Kabla hujaagiza, uliza kama zina ganda la zinki salfidi. Mimi niliwahi kununua CdSe tupu. Chupa ya rangi ya machungwa niliiacha karibu na dirisha, kifuniko hakijakaza. Kila nilipoipima, kilele cha mwanga kilikuwa kimesogea kuelekea kijani, na mwanga wenyewe unafifia. Nikadhani spektrometa imeharibika, nikaipima kwa taa ya sodiamu: 589, sawasawa. Kumbe mwanga na hewa vilikuwa vinaozesha uso wa fuwele, fuwele yenyewe inazidi kuwa ndogo. Nyingine nilizimwagia ethanoli badala ya toluini. Zikaganda kama maziwa yaliyochacha, na sikuweza kuzirudisha.

Taa Kali: Pole mzee. Lakini si ndiyo somo lenyewe hilo, fuwele inapungua na rangi inahama?

Mzee wa Maabara: Ndiyo, ila niligundua nikiwa nimeshapoteza chupa.

Kijana wa Elektroni: Wapo wanaoziita nukta hizi atomu za kutengenezwa, mimi sikubali. Hazina kiini kinachovuta elektroni. Ya nm 4 ina atomu elfu moja na zaidi!

Bi Fuwele: Kinachoizuia elektroni ni ukuta badala ya kiini, lakini matokeo ni yaleyale: ngazi za nishati zilizotengana, ya kwanza kama ngazi s ya atomu, inayofuata kama p. Tofauti kubwa naiona kwingine. Atomu zote za sodiamu ni sawa, nukta hazilingani. Ndiyo maana mstari wa taa ya sodiamu ya mzee ni mwembamba, na wa chupa yako utakuwa na upana wa nm 30 hivi hata zikiwa nzuri.

Kijana wa Elektroni: Kwa ngazi, sawa. Jina bado linanikera.

Rangi Saba: Jamani, televisheni yangu ya nukta za kwanta, nyekundu imeanza kufifia. Ni ukuta au ganda?

Mnururisho: Naelekea CdSe yenye ganda. Ila kadmiamu ni sumu, na wanafunzi watazishika chupa. InP ikoje? Kuna aliyepima kijani chake mwenyewe?

Mzee wa Maabara: Kijani cha InP nilichowahi kupima kilikuwa kipana kuliko cha CdSe. Funga chupa kabisa, wasizifungue. Kila chupa ni ya ujazo gani? Hilo bado hujasema.