Naomba ushauri: shampuu ya dumu au ile nzito ya kuchanganya?

Habari zenu wakuu, nina saluni ndogo nataka kujua ipi ina unafuu kweli. Ya dumu iliyo tayari lita 5 ni 15,000, kichwa kimoja inaenda kama mililita 30, yaani shilingi 90. Ile nzito lita 1 ni 12,000, ukitia maji lita 7 unapata lita 8, hata ukitumia mililita 40 kwa kichwa ni shilingi 60 tu. Shida wasichana wanamwaga kwa macho, wakifika mililita 60 bei inalingana na ya dumu, alafu ikishatiwa maji ikikaa sana inaanza kunuka. Mnaochanganya wenyewe, mnapimaje, na mnachanganya ya siku ngapi?